Ukihifadhi nafasi, umenunua bei. Hujanunua kumbukumbu

"Tuhifadhi nafasi ili watu milioni 1.5 watujue kwa uhakika." Nimechoka kuisikia. Ukinunua matangazo ya Facebook na Instagram kwenye Meta, ukachagua Reservation, yaani kuhifadhi nafasi mapema, badala ya Auction, yaani mnada, kinachofungwa ni CPM, bei ya kuonyesha tangazo mara elfu. Idadi ya watu na marudio ni makadirio, tena kwa kawaida mazuri, lakini kuonyeshwa tangazo si kulikumbuka.

Chukua uzinduzi wa soda mpya Tanzania, wiki nne. Unataka watu milioni 1.5, wastani wa mara nne kila mmoja, yaani tangazo lionyeshwe mara milioni 6. Tuseme, kwa mfano, hifadhi inakupa shilingi 2,000 kwa kila elfu na mnada leo uko 1,500. Hifadhi itakula milioni 12, mnada milioni 9. Milioni 3 za tofauti ni bima. Inajilipa pale tu mnada ukipanda zaidi ya theluthi moja. Kwa uzinduzi wa Desemba, wakati kila duka linagombea macho yaleyale, huenda ukapanda. Februari, sidhani.

Sasa hili linaloniudhi zaidi: wastani. Mara nne inaweza kumaanisha nusu ya watu wameliona tangazo mara moja na nusu nyingine mara saba. Ripoti itaandika 4 na kila mtu atapiga makofi. Wala kikomo cha mara 2 kwa siku 7 hakikuokoi, kwa sababu ni dari, si sakafu: kinazuia mtu asizidi mara nane kwa wiki nne, lakini hakimvuti aliyeona mara moja aone tena. Fungua mgawanyo wa marudio, uhesabu waliofika angalau mara tatu. Kwa nini tatu? Kusema kweli, sina ushahidi kwamba tatu inafaa kila bidhaa. Soda ambayo watu wanaijua tayari huenda ikatosheka na chini ya hapo.

Kuweka kikomo cha marudio hakuhitaji hifadhi. Mnada wenye lengo la kufikia watu wengi nao unakiweka. Kwa hiyo anayelipia hifadhi "ili kudhibiti marudio" tu analipia alichonacho.

Lipia hifadhi ikiwa tarehe haisogei, hadhira ni pana, na redio na mabango vimeshalipiwa kwa wiki hizohizo. Kama unaweza kusogeza siku, au unatafuta mauzo, kaa kwenye mnada.

Na tafadhali, video iwe imepakiwa na kuidhinishwa kabla ya siku ya kuanza. Ikikataliwa na ukarekebisha siku ya tano, bei bado ni ileile, lakini siku zimepungua na kikomo chako hakiruhusu kuwarundikia watu matangazo ili kufidia. Hapo ufikiaji unashuka, na fedha zinabaki hazijatumika wakati mabango yameshatangaza soda ambayo mtandaoni haionekani.