Kotesheni ya kuongeza miadi ya mtandaoni: saa zinakokwenda

Mwenye saluni moja hapa Mombasa alinitumia ujumbe mfupi: tovuti anayo, anataka wateja waweze kuchagua huduma na saa humo humo, walipe amana ya shilingi 500 kwa M-Pesa, basi. "Niambie ni pesa ngapi na utachukua siku ngapi." Kotesheni niliyompelekea ilisema saa 40 hadi 60 za kazi, kwa shilingi 1,500 kila saa, yaani kati ya 60,000 na 90,000. Aliponiuliza kwa nini fomu ya kuchagua saa imgharimu hivyo, nilimwambia ukweli: fomu yenyewe ni sehemu ndogo. Naieleza hapa kwa sababu swali hilo naulizwa na karibu kila mteja, na mafundi wenzangu wanaoanza hujibu kwa kukata bei badala ya kuonyesha kazi ilipo.

Tovuti yake ni ya WordPress, kama zilivyo nyingi za biashara ndogo. Plagini za miadi ziko tele, na mojawapo ukiiweka utaona kalenda kwenye ukurasa kabla chai haijapoa. Hapo ndipo makadirio mabovu huzaliwa. Fundi huhesabu muda wa kuweka plagini, anasahau muda wa kuifanya ifuate namna saluni inavyofanya kazi.

Kwa hiyo sikutaja bei yoyote kabla ya kuliona daftari lake la miadi. Nilimwomba apige picha kurasa za wiki mbili, moja ya kawaida na moja ya kabla ya Idi, anitumie. Picha zile zilinipa mambo matatu ambayo yeye asingeyataja, kwa kuwa kwake ni ya kawaida mno.

La kwanza ni muda. Kuosha na kukausha nywele ni saa moja, lakini rasta nyembamba ni saa tano, na hapo mteja awe amekuja na nywele zilizofumuliwa. La pili, rasta hizo mara nyingi husukwa na wasusi wawili kwenye kichwa kimoja ili mteja asikeshe pale. Plagini nyingi za miadi zinadhani huduma moja ina mhudumu mmoja. Ukitaka huduma moja ifunge ratiba za watu wawili kwa pamoja, ama unanunua plagini ya ngazi ya juu inayoliweza hilo, ama unaandika msimbo wako wa kulazimisha. Sehemu ya ratiba nimeiwekea saa 8 hadi 11, na zile tatu za tofauti ni za wasusi wawili peke yake.

La tatu lilikuwa zito zaidi: zaidi ya nusu ya majina kwenye daftari hayakuwa ya miadi. Ni watu waliopita njia wakaingia. Tovuti haina macho. Mteja wa mlangoni akikalishwa bila kuandikwa kwenye mfumo, kiti kile kile kinauzwa tena mtandaoni, na mtu anafika saa nne akiwa ameshalipa amana yake anakuta msusi ana kichwa cha mwingine mikononi. Hakuna msimbo unaotibu hilo. Tulikubaliana kwamba kati ya wasusi wake wanne, ratiba za wawili tu ndizo zitakazofunguliwa mtandaoni, na wawili wabaki wa wateja wa mlangoni. Hina ya maarusi tuliitoa kabisa, maana hufanyiwa nyumbani na bei yake hupatanwa. Ukurasa utasema piga simu. Makubaliano hayo yalipunguza saa za kazi kuliko ujanja wowote wa kiufundi ambao ningeufanya. Yaliingia kwenye kotesheni kwa maandishi, chini ya kichwa "Makadirio haya yanategemea", ili siku akitaka kufungua wasusi wote wanne tujue ni kazi mpya.

Sasa M-Pesa, ambayo nimeiwekea saa 12 hadi 20, sehemu kubwa kuliko zote. Kinachofanyika ni hiki: mteja anabonyeza kulipa, tovuti inatuma ombi kwa Daraja, yaani mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kisha simu ya mteja inaonyesha kisanduku cha kuweka namba ya siri. Daraja hujibu papo hapo kwa `ResponseCode` ya `0`. Fundi mgeni huiona sifuri hiyo akadhani pesa imeingia. Haijaingia, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Jibu lenyewe huja baadaye, likitumwa kwenye anwani ya tovuti uliyoiandikisha, ambayo lazima iwe ya `https`. Mteja akighairi, hufika namna hii:

```json
{
  "Body": {
    "stkCallback": {
      "CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
      "ResultCode": 1032,
      "ResultDesc": "Request cancelled by user"
    }
  }
}
```

`ResultCode` ikiwa `0`, amelipa. `1` ni salio halitoshi. `1037` ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Na wakati mwingine haiji kabisa, kwa sababu seva ya tovuti ilikuwa imelala au ukuta wake wa usalama umelikataa ombi la kutoka nje. Hapo mfumo unatakiwa uulize wenyewe, kwa kutumia ile `CheckoutRequestID`, malipo yaliishia wapi.

Gharama iko katika muda ule wa kusubiri. Bi fulani amechagua Ijumaa saa nne, kisanduku kiko kwenye simu yake, bado anatafuta miwani. Kiti ni chake au si chake? Ukikiacha wazi, mwingine atakichagua na wote wawili watalipa. Ukikifunga moja kwa moja, aliyeghairi amekuzuilia Ijumaa nzima. Mimi hukishikilia kwa dakika kumi, kisha kinaachiliwa. Halafu linabaki tukio la nadra lakini la kweli: uthibitisho wa malipo unafika baada ya kiti kuachiliwa na mtu mwingine kukichukua. Mfumo lazima uwe na la kufanya. Katika kazi hii, miadi huwekwa alama ya "imelipwa, haina nafasi", mwenye saluni anapata ujumbe, na yeye ndiye anayempigia mteja kumpa saa nyingine au kumrudishia 500 yake kwa mkono. Kurudisha pesa kiotomatiki sikukuweka, na kotesheni inasema hivyo waziwazi. Ingeongeza saa nyingi kwa jambo ambalo simu moja inalimaliza.

Kuna pia lile lisilo mikononi mwangu. Ili malipo yahame kutoka majaribio kwenda ya kweli, saluni inahitaji namba yake ya Paybill au tili, na mwenye biashara awe na akaunti ya msimamizi kwenye tovuti ya M-Pesa ya mashirika. Namba ya simu ya kawaida ya kupokelea pesa haifai kwa kazi hii. Yeye anayo tili, na tili ina mtego wake: kwenye ombi, `PartyB` ni namba ya tili, lakini `BusinessShortCode` ni namba ya duka ambayo ni tofauti, na `TransactionType` ni `CustomerBuyGoodsOnline`. Ukiweka namba ya tili pote pawili, ombi linakataliwa na ujumbe wa kosa hausemi kwa nini. Niliandika kwamba siku za kusubiri akaunti hiyo ikamilike hazihesabiwi kuwa saa zangu, wala hazihesabiwi kuwa ucheleweshaji wangu.

Yaliyobaki ni mepesi. Kukagua tovuti iliyopo, kuchukua nakala ya akiba na kuunda tovuti ya majaribio ni saa 3 hadi 5. Kurasa zenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza, zikae vizuri kwenye simu, ni 5 hadi 7. Ujumbe wa kumkumbusha mteja jioni ya kuamkia miadi ni 3 hadi 5, na hapa kuna jambo watu hulipuuza: kazi za ratiba za WordPress huamka pale tu mtu anapofungua tovuti. Usiku usio na wageni, ukumbusho hauondoki. Lazima uzime utaratibu huo kwa `define('DISABLE_WP_CRON', true);` na kuiachia seva iamshe kazi hizo kila baada ya dakika chache. Majaribio na uzinduzi ni 7 hadi 10, mengi yakiwa ya malipo: kughairi, kukosa salio, kuzima simu katikati, watu wawili kubonyeza saa moja kwa pamoja. Mafunzo kwa yeye na msichana wa mapokezi, saa 2.

Ukijumlisha unapata 40 kwa uchache na 60 kwa wingi. Sipendi kutoa tarakimu moja. Ukisema 50, mteja husikia ahadi, na ikifika 55 mnaanza kutazamana. Nilichompa ni kikomo: nitamtoza saa nilizofanya, na zikipita 60 bila yeye kubadilisha kitu, za ziada ni juu yangu. Hatari inabaki kwangu, ndiyo maana siweki kikomo kabla ya kuliona daftari. Leseni ya plagini na gharama ya ujumbe wa simu analipa yeye moja kwa moja kwa wanaouza. Sipitishii mfukoni mwangu.

Chini yake niliweka njia ya pili, kwa kuwa mwenye saluni ana haki ya kujua ni nini hasa kinachopandisha bei. Bila M-Pesa ya moja kwa moja, mteja anachagua saa, anaambiwa alipe kwenye tili, na msichana wa mapokezi anathibitisha kwa mkono akiona ujumbe wa malipo. Saa za malipo zinaondoka zote, za majaribio zinashuka kuwa 4 hadi 6, na jumla inakuwa 25 hadi 36, yaani shilingi 37,500 hadi 54,000. Kwa saluni yenye miadi michache ya mtandaoni kwa siku, njia hii inatosha kabisa, na nilimwandikia hivyo ingawa ndiyo yenye pesa kidogo kwangu.

Malipo ni asilimia 40 ya makadirio ya chini ya kuanzia, 40 tovuti ya majaribio ikifanya kazi mbele ya macho yake, na salio lote wiki mbili baada ya kuzindua. Kotesheni inadumu siku 30. Alichagua njia ya pili, akaomba nimwandikie pembeni bei ya kuongeza M-Pesa baadaye. Nilimwandikia saa 16 hadi 26 badala ya tofauti ile ya 15 hadi 24, kwa kuwa itabidi nirudie nakala ya akiba na tovuti ya majaribio, wakati huo kukiwa na miadi ya watu halisi ndani.