"Tovuti haijabadilika, unanilipisha nini?"

Nikimaliza kutengeneza tovuti humtumia mteja ujumbe wa mpango wa matengenezo ya kila mwezi: kazi zilizomo, zisizomo, na bei. Jibu huwa lilelile: "Mbona tovuti iko vilevile? Unanilipisha nini?" Nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, pamoja na mengine machache yanayofuatana nalo. Nazungumzia tovuti za WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, ndizo ninazozihudumia.

Dhana: Tovuti isiyoguswa haina kazi ya kufanya

Wateja hunipa mfano wa nyumba: fundi akishakabidhi, hadai mshahara kila mwezi. Lakini hakuna anayetangaza hadharani kwamba kitasa cha nyumba yako kinafunguka kwa waya, akaeleza na namna ya kukifungua. Kwenye tovuti ndivyo inavyokuwa. Kasoro inakuwa imejificha ndani ya programu muda wote. Ikigunduliwa, waundaji hutoa sasisho la kuiziba, na sasisho hilohilo huwaonyesha wadukuzi pa kugonga. Kuanzia hapo tovuti ambayo haijaguswa ndiyo iliyo hatarini, ingawa faili zake ni zilezile za jana.

Mwaka 2017 ulionyesha hivyo waziwazi. WordPress 4.7 na 4.7.1 zilikuwa na kasoro iliyomruhusu mtu yeyote, bila neno la siri, kubadilisha maandishi ya makala na kurasa. Toleo 4.7.2 liliiziba tarehe 26 Januari. Habari za kasoro yenyewe zilishikiliwa kwa makusudi hadi tarehe 1 Februari ili watu wapate nafasi ya kusasisha. Zilipotolewa tu, mashambulizi yakaanza, na mamia ya maelfu ya kurasa zikaandikwa upya na watu wasiojulikana. Waliopigwa ni wale ambao tovuti zao zilibaki kwenye toleo la zamani. Hawakuwa wamebadilisha chochote, na hilo ndilo lililowaponza.

Siku hizi wadukuzi wengi hawaharibu hata ukurasa wa mbele, kwa sababu wanataka usigundue. Wanapachika kurasa za kuuza dawa au viatu bandia zinazoonekana na Google peke yake. Wewe ukifungua tovuti yako unaiona nzima. Andika hivi kwenye Google, ukiweka jina la kikoa chako:

```
site:mfano.co.tz
```

Ukiona kurasa ambazo hukuziandika, hasa zenye herufi za Kijapani au majina ya dawa, ujue kuna mtu ndani. Mimi hukagua pia faili za kiini, yaani za WordPress yenyewe, kwa kuzilinganisha na zile halisi, nikiandika amri hii ya WP-CLI kwenye seva:

```
wp core verify-checksums
```

Amri hii hutaja faili ya kiini iliyobadilishwa au iliyoongezwa isivyostahili. Haigusi plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, wala picha, kwa hiyo hizo zina ukaguzi wake.

Sasa turudi kwenye swali la malipo. Huu ni ujumbe wa aina ninayotuma, huu ukiwa wa nyumba ya wageni yenye fomu ya kuweka nafasi:

> Shikamoo mama. Tovuti imekamilika, na huu ni mpango wa kuitunza kila mwezi.
>
> Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nitachukua nakala rudufu ya faili na hifadhidata, nisasishe WordPress na plagini kwenye tovuti ya majaribio kwanza, kisha kwenye yenyewe. Baada ya hapo nitajaza fomu ya kuweka nafasi na kuhakikisha barua pepe imefika kwako. Sasisho la dharura la usalama halitasubiri Jumatatu hiyo.
>
> Ninatenga saa 4 za kazi kwa mwezi: 2 za masasisho na majaribio, 1 ya nakala na ukaguzi, 1 ya mabadiliko madogo utakayoomba, kama bei za vyumba au picha. Kila saa ni shilingi 30,000, jumla 120,000. Leseni ya plagini ya fomu na hifadhi ya nakala ni 25,000. Kwa hiyo ni shilingi 145,000 kwa mwezi.
>
> Havimo: kurasa mpya, muundo mpya, ada ya seva na ada ya kikoa. Saa isiyotumika haihamii mwezi ujao. Kila mwisho wa mwezi utapata ripoti ya nilichofanya.

Ripoti hiyo ndiyo jibu la "unanilipisha nini", na mteja anapaswa kuidai. Iseme plagini ipi imetoka toleo gani kwenda lipi, nakala ilichukuliwa tarehe gani, na jaribio la fomu lilifika au halikufika. Fundi anayekuandikia "kila kitu kiko salama" bila tarehe wala matoleo hajakuonyesha kazi yoyote.

Linganisha na kusubiri tovuti ivamiwe. Kusafisha tovuti kama ya mama huyu, kutafuta mlango walioingilia, kubadilisha maneno yote ya siri na kuiomba Google iondoe onyo, ninakupigia hesabu ya saa 15. Kwa bei ileile ni shilingi 450,000, na siku hizo zote wageni wanakutana na ukurasa mwekundu wa onyo hilo badala ya fomu yako.

Dhana: Inajisasisha yenyewe

Kwa sehemu tu. Tangu toleo 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujiwekea masasisho madogo ya kiini. Plagini hazimo mpaka uwashe, na plagini ya kulipia ambayo leseni yake imekwisha kwa kawaida haipati sasisho hata ukiwasha. Zaidi ya yote, mfumo hauwezi kujua kwamba baada ya sasisho la usiku fomu yako imeacha kutuma barua pepe. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Nafasi zinaacha kuja, nawe unadhani ni msimu mbaya.

Dhana: Kampuni ya seva ina nakala zangu

Huenda inazo. Swali ni ziko wapi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa zimehifadhiwa palepale. Nakala iwe kwa kampuni nyingine, na irudishwe kwa majaribio kila baada ya miezi 3. Hapa sikubali mjadala na mteja yeyote, kwa sababu faili la nakala linaweza kuwepo kwa jina na likawa limekatika katikati, na hutalijua hilo mpaka ulifungue.

Dhana: Nikilipa kila mwezi, chochote nikiomba kimo

Hapana. Kubadilisha bei ya chumba kimo, kujenga ukurasa wa safari za mlimani ni kazi mpya yenye bei yake. Ndiyo maana ujumbe una sehemu ya "Havimo". Isome kabla ya kujibu "sawa", na kama kuna unachokitegemea ambacho hakimo, kiulize hapohapo.

Dhana: Nikivunja mpango, fundi anaondoka na tovuti

Hili linategemea majina yaliyosajiliwa. Kikoa kiwe kwa jina lako na barua pepe yako, akaunti ya seva vilevile, nawe uwe na akaunti ya msimamizi ndani ya WordPress. Fundi apewe akaunti yake tofauti ambayo unaweza kuifuta. Angalia haya leo, hata kama unaelewana na fundi wako vizuri. Ukikuta kikoa kimesajiliwa kwa jina lake, mwombe akihamishe kabla hujalipa ankara inayofuata.