Unga mkavu au bakuli lililokorogwa? Jinsi ya kuusoma uji wa papo hapo

Mgonjwa wangu mmoja alikuja na daftari lake la chakula akiwa na wasiwasi: uji wa asubuhi ulikuwa umemletea kilokalori 851. Alikuwa amepima bakuli zima, gramu 230, kisha akazidisha kwa takwimu za lebo, kilokalori 370 kwa kila gramu 100. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ila zile 370 ni za unga mkavu kama unavyouzwa, na ndani ya bakuli lile mlikuwa na gramu 30 tu za unga; zilizobaki zilikuwa maji. Kiasi halisi ni 30 mara 3.7, yaani kilokalori 111.

Kosa hili nakutana nalo sana, kwa sababu lebo nyingine hutoa takwimu za unga, nyingine za uji uliokwisha kutayarishwa, na nyingine zote mbili kwa safu zinazokaribiana. Maandishi yakiwa madogo mno au hayaeleweki, jumlisha wanga, protini na mafuta kwa gramu 100. Unga ule ulikuwa na wanga 67, protini 12 na mafuta 5, jumla 84. Kitu chenye maji mengi hakiwezi kufika huko, kwa hiyo huo ni unga mkavu. Uji huohuo ukikorogwa kwa maji, jumla hushuka hadi kama 11. Supu za unga nazo hupimwa hivyohivyo, na hapo chumvi ndiyo hushtua zaidi watu, maana safu ya unga mkavu huonyesha chumvi nyingi kuliko itakavyokuwa kwenye kikombe.

Mimi huwaambia wagonjwa wapime unga kabla ya kuongeza chochote, na waandike uzito huo kwa takwimu za unga. Maji hayana kalori, hivyo ukiuchemsha uji ukapungua, au ukaupenda mwepesi, hesabu haibadiliki.

Maziwa ndiyo yanayohitaji uangalifu. Mililita 200 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta zina kama kilokalori 128, kwa hiyo bakuli lile linafika 239, zaidi ya mara mbili. Yaandike kwenye mstari wake, kwa aina uliyotumia kweli. Safu ya lebo iliyoandikwa "ukitayarishwa kwa maziwa" imekokotolewa kwa maziwa aliyochagua mtengenezaji, mara nyingi yaliyopunguzwa mafuta. Soma maelezo madogo chini ya jedwali. Ukiamua kuitumia safu hiyo, usiongeze maziwa tena kwenye daftari, kwa sababu yamo tayari.

Kwenye programu za simu tatizo ni lilelile: jina moja la uji huweza kuwa na rekodi mbili. Ile yenye 370 kwa gramu 100 ni ya unga. Yenye 48 hivi ni ya uji wa maji.