Jumla ya kila mwanachama: lita zake, malipo yake, salio lake

Karani wa ushirika wa maziwa upande wa Likoni huwa na vitabu viwili. Kimoja kinaandikwa asubuhi kwenye mzani: tarehe, namba ya mwanachama, lita. Kingine ni cha pesa: advansi, chakula cha ng'ombe kilichochukuliwa kwa mkopo, malipo ya mwisho wa wiki. Jumla ya kila mwanachama ni kukusanya mistari yote yenye namba yake katika kitabu kimoja, kisha katika kile kingine, halafu kutoa alichokwisha kuchukua kwenye thamani ya maziwa yake. Inafuatwa namba, si jina, kwa sababu Fatuma wa leo kesho huandikwa Fatma, na kompyuta huwaona wawili.

Tumchukue mama mwenye namba 147. Wiki hii ameleta lita 12, 11, 13, 12 na 12, yaani 60. Tuseme lita ni shilingi 50: anadai 3,000. Jumatano alipewa advansi ya 800, Ijumaa akachukua chakula cha ng'ombe cha 650. Salio lake ni 1,550.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuunganisha vitabu viwili kabla ya kujumlisha. Mistari mitano ya maziwa ikikutanishwa na miwili ya pesa kwa namba 147, hutoka mistari kumi. Kila lita imehesabiwa mara mbili na kila shilingi mara tano: maziwa ya 6,000, makato ya 7,250. Mama anayedai 1,550 anaambiwa ana deni la 1,250, na karatasi imechapishwa vizuri kabisa. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo jumlisha kila kitabu peke yake. Kwenye Excel, kitabu cha mzani kikiwa karatasi iitwayo Maziwa, yenye tarehe safu ya A, namba B na lita C, rejista ya wanachama ikiwa safu ya A ya karatasi nyingine, na tarehe za kuanza na kumaliza wiki zikiwa F1 na G1:

```
=SUMIFS(Maziwa!C:C,Maziwa!B:B,A2,
 Maziwa!A:A,">="&$F$1,Maziwa!A:A,"<="&$G$1)
```

Fomula kama hiyo iende pia kwenye karatasi ya pesa. Anza na rejista nzima, la sivyo aliyechukua advansi bila kuleta maziwa hatatokea popote.

Kisha jumlisha lita za wanachama wote uzilinganishe na jumla ya wiki ya kitabu cha mzani. Zikipungua, kuna mstari wenye namba isiyokuwa kwenye rejista, au tarehe iliyoingia kama maandishi tu. Lakini karani akiandika 174 badala ya 147, na 174 ni mwanachama, hesabu zitalingana huku lita za mama zikienda kwa jirani. Hapo hakuna fomula itakayolifichua. Ndiyo maana ripoti ya mwanachama ioneshe lita za kila siku juu ya jumla, ili mama akae na risiti zake alinganishe Jumatatu kwa Jumatatu kabla hajatia sahihi.