Mteja wa mbali: mtajie mji, achana na EST

Mteja mtarajiwa akisema "tuongee Jumanne saa 09:00 EST", usikimbilie kufungua kikokotoo cha saa. Muulize kwanza siku hiyo atakuwa mji gani. (Saa zote humu ni za mfumo wa saa 24, kama zinavyoonekana kwenye skrini.)

Tuseme wewe uko Dubai, yeye yuko New York, na Jumanne yenyewe ni tarehe 10 Machi 2026. EST maana yake ni saa tano nyuma ya UTC, ile saa ya kimataifa ya marejeo, kwa hiyo kikokotoo kitakupa saa 18:00 ya Dubai. Lakini Jumapili ya tarehe 8 Machi New York wanasogeza saa zao mbele, na kuanzia hapo wako nyuma ya UTC kwa saa nne tu. Saa 09:00 yao inakuwa saa 17:00 yako. Yeye anakaa kwenye simu anakusubiri, wewe bado unapitia maelezo yako. Wamarekani wengi huandika EST mwaka mzima kwa mazoea, hata wakiwa kwenye EDT, yaani hiyo saa iliyosogezwa mbele, kwa hiyo huwezi kumlaumu. Herufi nyingine ni mbaya zaidi: CST inaweza kuwa ya Chicago au ya China, na IST huitumia India, Israeli na Ireland.

Namba ya simu nayo haikuambii kitu. Msimbo wa +1 unabeba kanda kadhaa za saa, na mtu husafiri na namba yake mfukoni.

Ujumbe wangu wa kuthibitisha huwa hivi: "Jumanne, 10 Machi 2026, saa 09:00 kwa saa za New York (13:00 UTC). Bado utakuwa New York siku hiyo?" Saa yake inatangulia ili asilazimike kupiga hesabu. UTC ipo kwa ajili yangu, ya kuhakiki. Siku ya wiki naiandika pamoja na tarehe, maana Jumatatu jioni ya Los Angeles tayari ni Jumanne Sydney.

Halafu natuma mwaliko wa kalenda, ambao humwonyesha kila mmoja saa ya kwake. Kwa kikao kimoja, haidhuru mwaliko umeundwa kwa saa za nani. Kikiwa cha kila wiki, inadhuru sana. Ukikifunga kwenye saa 18:00 ya Dubai mwezi Februari, mteja anakiona saa 09:00. Baada ya tarehe 8 Machi kitahamia saa 10:00 yake, pengine juu ya kikao kingine. Kwenye Google Calendar, bofya "Time zone" pembeni ya saa, uchague New York. Faili la mwaliko likifunguliwa, mstari wake unapaswa kusomeka hivi:

```
DTSTART;TZID=America/New_York:20260310T090000
```

Kuanzia hapo atakayehama ni wewe. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, mwaka huo tarehe 29, kwa hiyo muuzaji aliyeko London atakuwa na wiki tatu ambazo tofauti yake na New York ni saa nne badala ya tano. Wiki hizo mimi hutuma uthibitisho mara ya pili, siku moja kabla.