"Rilizi si ninayo?" Dhana zinazokwamisha marejesho ya VAT ya wanaouza nje

Wiki hii nimeisikia tena mara mbili kwa hiyo naandika, atakayeniuliza tena namtumia hii asome. Klayanti anaingia ofisini kavimba, marejesho yake ya VAT yamezuiliwa yanakaguliwa, anatupa bahasha mezani: "Mkaguzi anataka nini tena? TANSAD hii, rilizi hii, mzigo si umetoka?"

Hapana, bosi. TANSAD ni wewe umesema unataka kutoa mzigo. Rilizi ni forodha wamekujibu haya, toa. Hapo lori linaweza kuwa bado limepaki Dar, linaweza kushusha Mbeya, linaweza kuuzwa Tunduma mjini upande wetu, na karatasi zako zitasomeka vilevile. Mkaguzi anachotafuta ni kitu kilichoandikwa baada ya lori kuvuka, na watu wengi kwenye faili hawana hata kimoja.

Mwaka jana nilikuwa na mtu wa mabati, anauza Lubumbashi, malori yanapita Tunduma, yanaingia Nakonde, yanakatisha Zambia mpaka Kasumbalesa. Ameomba arudishiwe milioni 41, malori sita, rilizi zote sita zipo. Mkaguzi akaangalia kwenye mfumo, manne yana uthibitisho wa kutoka mpakani, mawili hayana kitu, TANSAD zake ziko wazi tu. Kumbe madereva walivuka usiku kwenye foleni, wakala akashughulikia upande wa Nakonde, akasahau kuhakikisha upande wetu wamefunga. Mauzo ya yale malori mawili yalikuwa milioni 90. Hapa ndipo watu hawanielewi: ukishindwa kuthibitisha, yale mauzo hayabaki na VAT ya 0% kama mauzo ya nje, yanageuka ya kawaida ya 18%, yaani milioni 16.2, na inakatwa kwenye hela unayodai. Angebaki na milioni 24.8.

Tulichofanya, tulianza na invoisi moja tukaifuata kama unavyomfuata mtoto njiani kwenda shule. Invoisi na risiti yake ya EFD, TANSAD inayotaja invoisi hiyohiyo, namba ya lori na tela kwenye hati ya usafirishaji, tiketi za mizani za Vigwaza na Mpemba (hizi hazithibitishi kuvuka, ila zinaonyesha lori lilienda huko kweli na uzito wake), hati ya transiti iliyofunguliwa Nakonde, tamko la forodha la Kongo ambalo mnunuzi alitutumia skani yake, halafu hela yenyewe ilivyoingia benki. Tukapeleka vyote na barua ya kuomba kituo cha mpakani kipitie rekodi zake. Lori moja likathibitishwa. La pili lilikataa, kwa sababu wakala aliandika namba ya tela ya tripu nyingine na Nakonde walikuwa na namba halisi. Tofauti ya herufi moja tu! Ikabidi arekebishe na kuandika maelezo, miezi ikapita.

Kwa hiyo hati moja peke yake haikusaidii kama haikubaliani na zingine. Uzito kwenye invoisi tani 28, mizani inasoma mzigo kama tani 31, mkaguzi atauliza hizo tatu za nani, na ana haki.

Zingine nazipitia haraka.

"Mnunuzi ni Mkongo, kwa hiyo ni mauzo ya nje." Pasipoti ya mnunuzi haina kazi. Kama alikuja na lori lake akapakia godauni kwako Dar na TANSAD ikatoka kwa jina la kampuni nyingine ambayo wakala "aliiazima" kurahisisha mambo, kwenye mfumo aliyeuza nje ni hiyo kampuni, wewe umeuza hapa nchini. Jina na TIN kwenye TANSAD viwe vyako, na hili sibishani na mtu.

"Wananirudishia 18% ya nilichouza nje." Wakurudishie nini wakati hukutoza? Unarudishiwa VAT uliyolipa kwenye manunuzi yako, kwa hiyo risiti mbovu za manunuzi nazo zinakatwa hata kama mzigo umethibitishwa kuvuka.

"Kukaguliwa maana yake wamenishuku wizi." Mara nyingi hapana. Unaomba hela itoke serikalini, lazima mtu aangalie kabla haijatoka.

Ushauri wangu, na wenye malori wananichukia kwa hili: usimmalizie msafirishaji hela ya mwisho ya tripu mpaka akuletee karatasi ya kutoka Tunduma na ile ya kuingia Nakonde, na siku hiyohiyo muulize wakala kama TANSAD imefungwa. Yule wa mabati sasa hivi anashikilia laki tano kwa kila lori na karatasi zinamfikia WhatsApp kabla dereva hajafika Kasumbalesa.