Kiwango sifuri si msamaha wa kodi

"Hizi hazina VAT." Sentensi hiyo inatamkwa kila mwisho wa kipindi, na ndiyo inayoharibu ritani nyingi za kodi ya ongezeko la thamani. Lahajedwali la VAT kazi yake ni moja: kutenganisha mauzo na manunuzi kwa aina zake, kisha kutoa kodi ya manunuzi inayoruhusiwa kwenye kodi ya mauzo, ili ijulikane kiasi cha kulipa au cha kudai. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shida iko kwenye aina.

Mauzo ya kiwango sifuri yanatozwa kodi, ila kiwango chake ni asilimia 0. Mfano wa kawaida ni bidhaa zinazosafirishwa kwenda nje ya nchi. Mauzo yaliyosamehewa, kama huduma nyingi za mikopo na bima, hayatozwi kodi kabisa. Ukitazama ankara za aina hizi mbili huoni tofauti, maana mteja wa hii na wa ile wote hawalipi kodi. Tofauti iko upande wa pili, kwenye manunuzi. Anayeuza kwa kiwango sifuri anarudishiwa kodi aliyolipa kwa wauzaji wake. Anayeuza vilivyosamehewa harudishiwi, na kodi ile inabaki kuwa gharama yake.

Tuchukue kiwango cha kawaida cha asilimia 20 ili hesabu iwe rahisi kufuata. Biashara imeuza, bila kuhesabu kodi, 600,000 kwa kiwango cha kawaida, 300,000 kwa kiwango sifuri na 100,000 zilizosamehewa. Kodi ya mauzo ni 120,000. Manunuzi nayo yanapangwa kwa mauzo yaliyoyatumia. Kila ankara inaulizwa kitu hiki kimetumika kuzalisha mauzo gani. Tuseme kodi iliyolipwa kwa vitu vya mauzo ya kawaida ni 35,000, vya kiwango sifuri 25,000, na vya mauzo yaliyosamehewa 8,000. Halafu kuna pango, umeme na simu, ambavyo vinatumika kwa yote: kodi yake ni 20,000.

Hiyo 20,000 ndiyo inayogawanywa, na njia iliyozoeleka ni kufuata uwiano wa mauzo. Kama C2 ni mauzo ya kawaida, C3 kiwango sifuri na C4 yaliyosamehewa, seli ya uwiano inaandikwa hivi:

```
=(C2+C3)/(C2+C3+C4)
```

Jibu ni asilimia 90, kwa hiyo 18,000 zinaruhusiwa. Jumla ya kodi ya manunuzi inayodaiwa ni 35,000 na 25,000 na 18,000, yaani 78,000. Kodi ya kulipa ni 42,000. Ile 8,000 ya mauzo yaliyosamehewa, pamoja na 2,000 iliyobaki kwenye gharama za pamoja, haidaiwi.

Sasa mhasibu aweke mauzo ya nje kwenye safu ya msamaha, kwa sababu "hazina VAT". Uwiano unashuka hadi asilimia 60, gharama za pamoja zinaruhusu 12,000 tu, na ile 25,000 inapotea yote. Kodi ya kulipa inakuwa 73,000. Biashara imelipa 31,000 zaidi, na huenda hakuna atakayeiuliza, kwani ritani inajumlika vizuri na risiti zote zipo. Akikosea kinyume chake, akaweka msamaha kwenye kiwango sifuri, anadai kodi yote 88,000, analipa 32,000, na upungufu wa 10,000 unamsubiri kwenye ukaguzi pamoja na riba na faini.

Kosa hili linaonekana mapema kwa anayetazama. Uwiano ukitoka asilimia 100 ilhali biashara inauza kitu kilichosamehewa, C4 imeachwa tupu au imesahauliwa kwenye kigawanyo. Uwiano ukiruka ghafla kati ya vipindi viwili bila biashara kubadilika, kuna ankara iliyohama safu. Na kila mstari wa mauzo ya nje uwe na namba ya hati ya forodha pembeni yake. Bila ushahidi wa kusafirisha, mauzo hayo yanaweza kutozwa kwa kiwango cha kawaida, na hapo muuzaji ndiye anayebeba kodi ambayo hakumdai mteja.

Kwa hiyo kama faili lako lina safu moja iliyoandikwa "hazina VAT", igawe mbili kabla ya kufunga kipindi, kisha pitia ankara zake moja moja ukiangalia sheria inaitaja bidhaa hiyo kwenye orodha ya kiwango sifuri au kwenye orodha ya misamaha.